"Karibuni sana" si jibu: Andika imeili ya ziara itakayomfikia mpishi

Ukiniuliza ni neno gani limewahi kuniponza zaidi katika shughuli za kikundi, sitafikiri mara mbili. Ni "karibuni".

Tulikuwa tumealikwa na kikundi kimoja cha akina mama na wavuvi katika kijiji cha Pwani ya kusini, wanaootesha miche ya mikoko na kuipanda ufuoni. Sisi ni vijana wa Eastlands, Nairobi. Tunaokota taka kando ya mto na kuotesha miti, na tulitaka kuona wenzetu wanavyofanya kazi inayoingiza pesa kidogo bila kukata mti. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika imeili, kwa sababu mbogi nzima iliamini kwamba mtu wa blogu anaweza kuandika chochote.

Nikaandika. Nilianza na salamu ndefu, nikashukuru, nikaeleza maono ya kikundi chetu, kisha nikamalizia kwa kusema tungefika Jumamosi asubuhi tukiwa "kama watu 15 hivi" na tungependa kupanda mikoko, kula chakula cha mchana na kupiga stori na wazee. Jibu likaja siku hiyo hiyo: "Tumepokea. Karibuni sana." Nikaliwasilisha kwa kundi kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku chache kabla ya safari pesa za gari zikakosekana. Nikaandika mstari mmoja tu: "Tumesogeza ziara mbele kwa wiki moja, ratiba ni ile ile." Jibu: "Sawa, karibuni."

Tulifika saa nne asubuhi. Mahali tulipotarajia kuona matope na miche, tulikuta bahari. Mikoko ilikuwa imesimama majini hadi kifuani, na mwenyeji wetu alikuwa ametutazama kwa upole wa mtu asiyetaka kuwaaibisha wageni. Tulikuwa watu 19, si 15. Na kabla ya saa nane mwenzetu mmoja alikuwa kwenye tuktuk akikimbizwa hospitalini, midomo imevimba.

Hakuna kosa hata moja kati ya hayo lililokuwa la wenyeji. Yote yalitoka kwenye imeili yangu. Kwa hivyo leo nataka tuiandike upya, mimi na wewe, mstari kwa mstari, kwa sababu najua una kikundi, na najua siku moja watakwambia, "Wewe ndiye wa kuandika."

Barua ya pili, si ya kwanza

Tuelewane kwanza ni barua gani tunayozungumzia. Ziara huwa na barua mbili. Ya kwanza ni ya kuomba: sisi ni nani, tunataka kuja kwa nini, mnaweza kutupokea? Hiyo ina nafasi ya maono na shukrani. Ya pili inaandikwa baada ya kukubaliwa, siku saba hadi kumi kabla ya safari, na kazi yake ni tofauti kabisa. Hii ya pili ni barua ya kuwapa watu kazi.

Fikiria ni nani ataishika upande ule. Katibu anaisoma kwenye simu, jua likiwaka. Kisha anamwambia mpishi idadi ya sahani. Anamwambia kijana wa kuongoza wageni asubiri saa ngapi. Anamwambia mwenye mtumbwi kama atahitajika. Kama kuna mstari ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuufanyia kazi, mstari huo ulifaa kukaa kwenye barua ya kwanza. Na kama kuna mtu kati yao ambaye hakupata mstari wake, siku ya ziara utamkuta akibahatisha.

Mimi nilikuwa nimeandika barua ya kwanza mara mbili.

Saa ni ya bahari, si yako

Tuchukue mfano wa mahali unapopajua au ulipopasikia: Gazi, kaunti ya Kwale. Hapo ndipo penye mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wageni huenda huko kujifunza, na pia kutembea kwenye daraja la mbao la akina mama linalopita katikati ya mikoko.

Sasa, kama ziara yenu ina kupanda miche, ratiba haianzii kwenye saa ya gari. Inaanzia kwenye maji. Bahari ya Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita na dakika chache. Na kila siku mzunguko wote unachelewa kwa wastani wa dakika 50. Ikiwa leo maji yamekupwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatakupwa karibu saa tano kasoro dakika kumi.

Hebu piga hesabu niliyopaswa kuipiga. Dakika 50 mara siku saba ni dakika 350. Hizo ni karibu saa sita. Yaani ukisogeza ziara kwa wiki moja, maji yanageuka kinyume kabisa: saa ile uliyotarajia matope makavu ndiyo saa bahari imejaa. Ukisogeza kwa wiki mbili, yanarudi karibu pale pale. Kwa hivyo ule mstari wangu, "wiki moja mbele, ratiba ni ile ile", ulikuwa unajipinga wenyewe. Mtu wa bahari angeuona upesi, lakini mwenyeji wetu hakutaka kumsahihisha mgeni kwa simu. Alidhani labda tumeamua kuja kutazama tu.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wa Pwani wanaijua tangu utotoni. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye Pwani yetu kupwa kwa mchana huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo Jumamosi za kwenda kupanda. Wiki ya katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana, na asubuhi hiyo huwa yamejaa. Ukitaka dakika kamili, Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji ya Mombasa. Lakini hata ukiwa na jedwali, andika kwenye imeili yako saa uliyoisoma na umwombe mwenyeji aithibitishe. Yeye ndiye anayejua matope ya kwake hubaki wazi kwa muda gani.

Halafu kuna mtego mwingine mdogo wa kutuaibisha sisi wa mjini. Jedwali linaandika 10:00. Ukinakili bila kufikiri, unaandika "tutaanza saa 10". Kwa mama wa Gazi, saa 10 ni jioni, maji yamejaa tena. Kwa hivyo kila saa iandike kwa Kiswahili na uitaje sehemu ya siku: saa 4:00 asubuhi, saa 7:15 mchana. Usichanganye mitindo miwili ndani ya barua moja.

Watu kumi na tisa, sahani ishirini na mbili

"Kama watu 15 hivi" ni sentensi inayomwachia mpishi mzigo wote. Akipika kwa 15 wakaja 19, wanne watakula wali mtupu. Akijihami akapika kwa 20 wakaja 13, ni samaki wake waliobaki na hela yake iliyopotea.

Tulikosea wapi? Tuliwahesabu wanachama peke yao. Hatukumhesabu dereva. Hatukuwahesabu viongozi wawili. Hatukumhesabu rafiki wa mtu aliyeongezwa usiku wa mwisho kwa sababu gari lilikuwa na nafasi. Na kuna kundi jingine ambalo karibu kila mgeni hulisahau: wenyeji wanaowaongoza. Kijana aliyekanyaga matope nanyi asubuhi nzima atakula wapi? Kama mnataka ale nanyi, yeye pia ni sahani, na lazima ijulikane nani anailipia.

Kwa hivyo toa idadi mbili: ya watu wanaokuja, na ya sahani. Kisha taja siku ambayo idadi itafungwa. Siku tatu kabla ya ziara inatosha, kwa sababu mpishi anahitaji kuzungumza na mvuvi mapema. Baada ya siku hiyo, yule rafiki wa rafiki abaki Nairobi, au aje akijua kwamba chakula chake atajitafutia.

Usiandike orodha ya majina 19 na nambari za vitambulisho isipokuwa mwenyeji ameomba, kwa mfano mahali penye lango na askari. Kinachowasaidia zaidi ni kujua wao ni watu wa aina gani: wangapi ni wanawake, kuna yeyote aliye chini ya miaka 18, nani hawezi kutembea mwendo mrefu, wangapi hawajui kuogelea. Sisi tulikuwa 11 tusiojua kuogelea kati ya 19. Mwenye mtumbwi alijua hilo tukiwa tayari tumesimama majini, tukishikana mikono kama watoto wa chekechea.

"Hali kamba"

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kwenye imeili yangu nilikuwa na mstari mmoja wa chakula: "Mmoja wetu hali kamba." Niliona nimemaliza kazi. Mama mpishi aliusoma vizuri na akautii. Kwenye sahani ya mwenzetu hakukuwa na kamba hata mmoja. Alipewa samaki wa kupaka, wali wa nazi na viazi karai. Viazi hivyo vilikuwa vimekaangwa kwenye karai ile ile, kwa mafuta yale yale yaliyokuwa yametoka kukaanga kamba wa wengine.

Baada ya dakika chache alianza kujikuna midomo. Kisha ikavimba, na vipele vikatokea shingoni. Alikuwa bado anapumua vizuri, na hilo ndilo lililotuokoa, maana sisi tulikuwa tunaulizana hospitali iko upande gani. Alitibiwa, akawekwa chini ya uangalizi, na jioni akarudi. Mama mpishi alilia kuliko sisi sote. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniambia inamdhuru. Mimi nilidhani haipendi tu."

Na ni kweli. Neno "hali" lina maana tatu ndani yake, na kila moja inamtaka mpishi afanye kitu tofauti.

Kuna asiyekula kwa sababu hapendi. Huyo mpe kingine, au aondoe mwenyewe kwenye sahani, na maisha yanaendelea.

Kuna asiyekula kwa sababu ya imani au msimamo wake. Huyo anataka kujua chakula kimetoka wapi na kimepikwaje. Kama mnaenda kijiji cha Waislamu, kama ilivyo Gazi, nyama itakuwa halali bila nyinyi kuuliza. Wajibu wenu ni wa upande wa pili: msibebe soseji za nguruwe wala pombe kwenye begi mkidhani hakuna atakayeona. Na mkipanga kwenda mwezi wa Ramadhani, usimwombe mtu aliyefunga akupikie saa saba mchana kana kwamba ni siku ya kawaida. Uliza kwanza, au badilisha tarehe.

Halafu kuna asiyekula kwa sababu chakula hicho kinaushambulia mwili wake. Hiyo ni aleji, au mzio ukipenda, na kwake kuondoa kamba kwenye sahani hakutoshi. Mpishi anatakiwa atumie mafuta mapya, sufuria safi, mwiko wake peke yake, na apike chakula hicho kwanza kabla ya kugusa kamba. Haya yote hawezi kuyafanya kwa kubahatisha. Ni lazima uyaandike. Taja pia mpaka wake unaishia wapi: mwenzetu hudhurika na kamba, kaa na jamii yao, lakini samaki wa kawaida anakula bila shida. Usipolisema hilo, mpishi mwangalifu atamnyima kila kitu cha baharini, na usipokuwa na bahati mpishi mwingine atadhani kaa ni sawa.

Jambo moja la heshima: huna haja ya kutaja jina la mgonjwa kwenye barua itakayosambazwa wasapu kijiji kizima. Habari za afya ya mtu ni zake, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data nchini inazipa uzito wa pekee. Mwombe ruhusa, andika "mmoja wetu", kisha mkifika umtambulishe kwa mpishi na kwa kiongozi wa msafara, ana kwa ana.

Usalama ni maswali, si ahadi

Kwenye usalama, vijana wengi huandika: "Tutazingatia usalama." Hiyo haimsaidii mtu. Mwenyeji anajua hatari za kwake, wewe unajua udhaifu wa kwenu. Barua inatakiwa ivikutanishe viwili hivyo.

Kwa mfano viatu. Mchu una mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya matope kama penseli zilizopandwa wima, na kwenye mizizi ya mkoko hujishika chaza wenye maganda makali. Ukienda peku, unakatwa. Ukienda na ndara, matope yanazimeza hatua ya tatu. Gambuti nayo ikijaa matope huwezi kuinua mguu. Raba kuukuu zinazobana mguu ndizo watu wengi huvaa. Lakini usiandike "tutavaa gambuti" kwa kujiamini. Uliza wao hukanyaga na nini.

Andika pia gari litakaa wapi siku nzima na dereva atakuwa na nani nambari ya simu, maana hilo ndilo ambulensi yenu. Uliza zahanati au hospitali wanayokimbilia ni ipi na huchukua muda gani kufika. Swali hilo moja lingetuokolea dakika kumi za kupigana kelele.

Barua yenyewe

Haya, tuiandike. Tuseme tunaenda Jumamosi tarehe 6, siku za bamvua, tumelala Ukunda tangu Ijumaa ili tusianze asubuhi kwa kupanga foleni ya feri Likoni. Usiiweke kwenye PDF ya kupakua. Iandike ndani ya imeili yenyewe, kisha uinakili na kuituma kwa ujumbe wa simu ya katibu.

Kichwa: Ziara ya Jumamosi tarehe 6: wageni 19, sahani 22, kufika saa 3:15 asubuhi

Kwa Katibu,

Asante kwa kukubali kutupokea. Haya ndiyo maelezo ya siku yenyewe. Mwishoni kuna maswali manne tunayoomba majibu kufikia Jumatatu jioni.

Wanaokuja. Tuko 19: vijana 16 (wanawake 9, wanaume 7), viongozi wawili na dereva mmoja. Wote wamezidi miaka 18. Kumi na mmoja hawajui kuogelea. Mmoja ana goti baya, hataingia matopeni; atabaki kwenye kitalu akisaidia kujaza mifuko ya udongo, kama mnakubali. Idadi itafungwa Jumatano saa 12:00 jioni, na haitaongezwa baada ya hapo.

Ratiba. Kwa jedwali tulilosoma, maji yatakuwa yamekupwa kabisa karibu saa 4:00 asubuhi. Kwa hivyo tumepanga hivi:
Saa 2:30 asubuhi, kuondoka Ukunda.
Saa 3:15, kufika, kusalimiana na kupewa maelezo ya usalama.
Saa 3:45 hadi saa 5:30, kuingia kwenye mikoko na kupanda. Saa 5:30 kila mtu awe ametoka matopeni.
Saa 5:30 hadi saa 7:15 mchana, kunawa, kupumzika, na nafasi ya swala ya adhuhuri.
Saa 7:15, chakula cha mchana.
Saa 8:15, mazungumzo na wanakikundi.
Saa 9:30 alasiri, kuondoka.
Tukilazimika kubadilisha tarehe, tutawapigia simu ili tupange saa upya kulingana na maji.

Chakula. Tunaomba sahani 22: wageni 19 na waongozaji wenu watatu, zote kwa gharama yetu. Wawili hawali nyama wala samaki. Maharagwe au mboga za nazi zinawatosha. Mmoja ana aleji kali ya kamba, kaa na jamii yao. INAMDHURU, si kwamba haipendi. Tunaomba chakula chake kipikwe kwanza, kwa mafuta mapya na chombo safi ambacho hakijagusa kamba. Samaki wa kawaida anakula. Kama ni rahisi zaidi, tuko tayari siku hiyo kamba wasipikwe kabisa. Mmoja ana kisukari na anahitaji kula kwa wakati. Atabeba kitu cha kutafuna iwapo tutachelewa. Maji ya kunywa tunakuja nayo.

Usalama. Tutabeba kisanduku cha huduma ya kwanza. Tutahesabiwa tukiingia na tukitoka kwenye mikoko. Gari litabaki hapo siku nzima. Wasichana watakuja na leso za kujifunga kijijini. Hatutapiga picha za watu, hasa watoto, bila idhini.

Maswali yetu:
1. Je, saa ya maji tuliyoandika ni sahihi kwa kwenu, na saa 5:30 ni mapema ya kutosha kutoka?
2. Tuvae viatu gani?
3. Mpishi anaweza kutimiza ombi la aleji, na bei ya sahani ni ngapi?
4. Tukipata mgonjwa, huwa mnakimbilia hospitali gani, na nani atatuelekeza?

Anayeongoza msafara ni fulani, nambari ni hii. Akikosekana, piga nambari hii ya pili, ambayo itakuwa ndani ya gari.

Imeisha. Haina maono. Haina "tunatarajia kwa hamu kubwa". Lakini kila mtu upande ule amepata mstari wake: mpishi ana sahani 22 na onyo moja, mwongozaji ana saa ya kuingia na ya kutoka, mwenye mtumbwi anajua wasioogelea ni 11, na mwenye kitalu anajua kuna mtu atabaki naye.

Utajuaje imesomwa?

Hapa narudi kwa neno langu. "Karibuni sana" ni ukarimu. Mtu wa Pwani atakwambia karibu hata kama hajafungua barua yako, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Si kosa lake. Kosa ni wewe kulichukua kama uthibitisho.

Dalili ya kweli kwamba barua imesomwa ni kwamba inarudi ikiwa imesahihishwa. Ukiona jibu linasema, "Saa 5:30 ni sawa lakini msichelewe kufika," au "Mpishi anauliza huyo wa aleji anakula ngisi?", lala usingizi. Watu wameanza kazi. Ukipata "sawa" tupu, piga simu. Usiulize "mlipata imeili?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza kitu kimoja ambacho hawezi kukijibu bila kuisoma: "Umeonaje ile saa ya maji?" Kisha piga tena jioni ya kuamkia siku yenyewe, mazungumzo ya dakika mbili: tuko 19, tumefika Ukunda, tunaonana saa tatu na robo asubuhi.

Barua hii pia ina mpaka wake. Haizuii mvua wala pancha. Na mtu mwenye aleji kali hapaswi kuitegemea peke yake: abebe dawa aliyoandikiwa na daktari, na aulize mwenyewe mbele ya sufuria kabla ya kutia tonge mdomoni. Barua inapunguza tu mambo ya kubahatisha.

Tulirudi kijiji kile miezi kadhaa baadaye, Jumamosi ya mwezi mpevu, na imeili inayofanana na hiyo uliyoisoma. Jibu la kwanza lilikuwa na marekebisho mawili, na moja lilikuwa la saa ya kuingia. Tulikanyaga matope, tukapanda, tukatoka kabla maji hayajarudi.

Tulipofika jikoni kunawa mikono, mama mpishi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ndogo iliyofunikwa kwa sahani, kando na zile nyingine. Hakutusalimia kwanza. Aliuliza, "Yule wa kamba ni yupi? Chake hiki hapa."